Namba na picha za wateja wa saluni: maswali ninayoulizwa mara kwa mara

Nina saluni ya viti vinne hapa Ngamiani, Tanga. Tunasuka, tunapaka hina na piko, tunapamba mabibi harusi. Wenzangu wenye saluni, na mabinti wanaokuja kwangu kujifunza kazi, wamekuwa wakiniuliza maswali haya tangu siku niliyokwenda nyumbani kwa mteja kumwomba radhi. Kisa chenyewe nimekieleza humu.

Mteja ameniachia namba yake kwa hiari yake. Ruhusa gani tena natafuta?

Kwanza jiulize amekuachia kwa ajili ya nini. Aliyekupa namba ili umwite kiti kikipatikana, amekupa kwa jambo hilo. Kumtumia tangazo la bei za Idi ni jambo la pili. Kumwingiza kwenye grupu ni la tatu. Kumpa namba yake rafiki yako anayeuza mawigi ni la nne, na hilo hakulifikiria kabisa wakati anakutajia tarakimu zake.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa amjulishe mwenyewe lengo kabla ya kuzichukua, na amweleze zitamfikia nani. Saluni hilo linamalizika kwa sentensi moja. Mimi nauliza hivi: "Namba hii ni ya miadi tu, au nikutumie na matangazo?" Akisema miadi tu, pembeni ya jina lake kwenye daftari naandika M. Akikubali na matangazo, naandika MT na tarehe. Asiyejibu ni M. Sijawahi kuona mteja akichukia kuulizwa, ila nimewaona wengi waliochukia kutumiwa matangazo saa tano usiku.

Nikiwaweka wateja wote kwenye grupu moja la WhatsApp, kosa liko wapi?

Kosa ni kwamba kila aliyemo anaiona namba ya kila mwenzake. Umemgawia mtu wa ishirini namba za watu kumi na tisa ambao hawamjui. Mke wa mtu, binti aliyemkimbia mchumba wake wa zamani, mwalimu asiyetaka wazazi wa wanafunzi wampigie, wote wamo humo. Halafu anaingia mtu mmoja anayeuza mikopo, anazikusanya zote kwa dakika kumi.

Tumia orodha ya matangazo, ile inayoandikwa "New broadcast". Orodha moja inachukua watu hadi 256, na kila mmoja anapata ujumbe wako peke yake kama umemwandikia yeye. Ina sharti ambalo wengi wanalilalamikia, lakini mimi nalipenda: ujumbe unamfikia tu aliyeihifadhi namba yako kwenye simu yake. Asiyekuhifadhi hakutaki, na WhatsApp imekusaidia kulijua hilo. Akikwambia "dada, usinitumie tena", mtoe siku hiyo hiyo na ufute ile T kwenye daftari, maana daftari lisiporekebishwa mwezi ujao msaidizi atamrudisha.

Kama grupu umeshalifungua, usilifute kimya kimya. Waandikie mmoja mmoja kwamba unalifunga na kwa nini, watoe wanachama, ndipo ulifute.

Mteja kajipanga mwenyewe mbele ya simu, katabasamu. Si ameridhia?

Ameridhia kupigwa picha. Pengine alidhani unampiga ili umwonyeshe kisogo chake, kama tunavyofanya kila siku, maana hakuna namna nyingine ya mtu kuona mistari ya nyuma imekaaje. Kuitunza, kuiweka stetasi, kuibandika ukurasani, kuichapisha kwenye bango la mlangoni, hayo yote hajaulizwa.

Wakati wa kuuliza nao una uzito. Wengi tunauliza kazi ikiisha: mteja ana furaha, msusi amesimama na simu tayari, wengine wanatazama. Pale kukataa ni kuonekana una maringo. Mimi nauliza kabla hajafungua nywele, tukiwa tunapatana bei, na namwambia wazi kwamba bei ni ile ile akikubali au akikataa. Wapo wanaotoa punguzo la shilingi 5,000 kwa anayekubali picha. Mimi siwaungi mkono. Anayehitaji sana hiyo 5,000 ndiye utakayempata, na ridhaa yake imebanwa na mfuko. Ukitaka picha za matangazo, mtafute mtu wa kupiga naye picha, mpatane kama kazi nyingine, mlipane.

Kama uso hauonekani, bado niombe?

Ndiyo, na hapa ndipo sisi wa pwani tunapokosea zaidi.

Kwa mwanamke anayejistiri, nywele zenyewe ndizo zinazostiriwa. Kukata uso na kubakisha kisogo ni kuondoa kile ambacho watu wanakiona kila siku njiani na kuacha kile alichokificha. Nimewasikia wasusi wakisema "nimeficha uso, sasa analalamika nini?" Ndicho anacholalamikia.

Kisha kuna hina. Mikono ya bibi harusi haina uso, lakini desturi ya kuificha herufi ya jina la bwana harusi ndani ya maua ya kiganja inamtaja kwa wote waliopata kadi. Pete ya uchumba inamtaja. Kovu la moto kwenye kifundo linamtaja. Kanga aliyojifunga siku ya singo, ambayo shangazi zake wote wameshonewa sare, inataja ukoo mzima. Kabla ya kutuma picha ya mkono, ikuze kwenye kioo cha simu hadi ijae, kisha ipitie kutoka kona hadi kona kama unayetafuta sindano.

Na kuna kioo. Saluni ina vioo pande mbili, kwa hiyo picha ya mtu mmoja inaweza kuwa na watu wanne.

Kisa cha kioo kilikuwaje?

Ilikuwa Ijumaa mchana, saluni imejaa. Msaidizi wangu alimaliza kumsuka dada mmoja, akamwomba ruhusa, akapewa. Akampiga kwa nyuma kwa simu yake mwenyewe, akaiweka stetasi na jina la saluni. Kwenye kioo cha ukutani, upande wa kushoto, alionekana mama mwingine amekaa chini ya draya, kichwa wazi, ushungi umewekwa mapajani. Huyo hakuulizwa na mtu. Huyo ni mke wa mtu anayejulikana mtaani, na nje ya nyumba yake hakuna mwanamume aliyewahi kuziona nywele zake.

Hazikupita dakika arobaini, wifi yake akampigia. Yeye akanipigia mimi, analia.

Jambo la kwanza lililonijia ni kufuta. Namshukuru binti mwingine wa pale saluni aliyenishika mkono akasema, "Mama, subiri, tuone nani wameiona." Ukigusa alama ya jicho chini ya stetasi yako, unapata orodha ya waliotazama. Ukiifuta stetasi, orodha inaondoka nayo. Tukapiga picha ya skrini ya ile orodha, ikachukua sekunde kumi, ndipo tukafuta. Walikuwa watu 61. Orodha hiyo haitoshelezi, kwa sababu aliyezima alama za kusoma kwenye WhatsApp yake hatokei, lakini bila hiyo tusingekuwa na pa kuanzia.

Tukagawana wale 61, tukawapigia, hatukuwaandikia. Ujumbe ungeeleza mno, ungewafanya watafute walichokikosa. Tuliuliza tu kama wameihifadhi ile picha ya msuko, na tukaomba waifute kwa kuwa ilipigwa bila ruhusa. Watatu walikuwa wameihifadhi kwa ajili ya kuonyesha mtindo. Wakafuta. Jioni nikaenda nyumbani kwa yule mama, mimi na msaidizi, nikamweleza kila tulichofanya na nikamwonyesha zile namba tulizopiga. Sikumwahidi kwamba picha imekwisha duniani, kwa sababu sikuwa na hakika nayo. Alinisamehe. Hakurudi kukaa kwenye kiti changu, na sina cha kumdai.

Kesho yake tulitundika pazia mbele ya draya na tukatenga ukuta mmoja, mweupe, usio na kioo mbele wala nyuma. Picha zote hupigwa pale, au hazipigwi. Na simu ni ya saluni tu.

Karatasi ya ridhaa niandikeje?

Fupi, kwa Kiswahili anachokisema mteja. Yangu ni nusu ukurasa wa daftari la mazoezi, inasema hivi:

*"Nakubali saluni inipige picha ya: nywele / mikono / uso. Picha itumike: kunionyesha mimi tu / kuwekwa kwenye albamu ya saluni / kuwekwa stetasi / kuwekwa kwenye ukurasa wa saluni. Itakaa hadi tarehe ......... Naweza kubadili mawazo siku yoyote kwa kupiga namba ya saluni, nayo itafutwa. Bei yangu haibadiliki nikikataa. Jina, sahihi, tarehe."*

Anazungushia anachokubali. Visivyozungushiwa vimekataliwa. Asiyesoma anasomewa mbele ya mtu aliyekuja naye, na hilo linaandikwa pia. Tarehe ya mwisho naiweka mwaka mmoja, kwa sababu mtu aliyekubali akiwa binti wa chuo huenda mwakani ameolewa kwenye nyumba nyingine kabisa na hataki kuonekana na ile rangi ya nywele.

Kwa wanaokuja kupitia WhatsApp huwa natuma maneno hayo hayo nao wanajibu. Jibu lao ndiyo karatasi yenyewe, kwa hiyo usiyafute yale mazungumzo maadamu picha bado ipo. Kitu kimoja zaidi: kabla ya kutuma picha hadharani, mtumie mwenyewe ile picha hasa utakayoiweka. Mtu anaweza kukubali kwa maneno akabadilika alipoiona shingo yake.

Na watoto?

Anayeridhia ni mzazi au mlezi, na sheria ya Tanzania inaziweka taarifa za watoto kwenye kundi la taarifa nyeti. Dada wa kazi aliyemleta mtoto kusukwa si mlezi kwa jambo hili, mpigie mama. Mimi mtoto aliyevaa sare ya shule simpigi picha hata mzazi akikubali, kwa kuwa nembo ya shule inamwambia mtu asiyemjua mahali pa kumkuta saa nane mchana.

Picha na namba nizitunze wapi kwenye simu?

Anza na simu moja ya saluni, yenye laini yake, isiyokwenda nyumbani na mtu yeyote isipokuwa mwenye saluni. Simu ya shilingi laki mbili inatosha kama kamera yake inaona.

Kisha zuia picha kusambaa ndani ya simu yenyewe. Kwenye WhatsApp, nenda "Settings", "Chats", uzime "Media visibility". Usipoizima, kila picha anayokutumia mteja kukuonyesha nywele zinavyokatika inaingia kwenye galari, na galari ikishaunganishwa na Google Photos inapanda mtandaoni, inashukia kwenye simu ya mumeo mnayetumia akaunti moja. Nimeona nyumba ikigombana kwa hili. Akaunti ya simu ya saluni iwe ya saluni peke yake.

Picha za wateja ambazo hazitakiwi kuonekana ziingize kwenye "Locked Folder" ya Google Photos, inayofunguka kwa alama ya kidole au namba ya siri. Angalia tu kama umeruhusu bakapu ya sehemu hiyo. Kama hukuruhusu, simu ikiharibika zimekwenda, na ukiiondoa programu bila kuzitoa zimekwenda pia. Picha za kazi hilo halinisumbui. Ningeliogopa kama ni leseni.

Weka namba ya siri ya tarakimu sita ya WhatsApp, ile ya "Two-step verification". Bila hiyo, atakayefanikiwa kuichukua laini yako anaweza kuifungua WhatsApp ya saluni kwenye simu yake na kuwaandikia wateja wako wamtumie pesa.

Daftari la karatasi nalo ni hifadhi. Langu lilikuwa mezani, limefunguliwa, na kila anayesubiri zamu alikuwa akilifunua kutafuta jina lake na kukuta ya wenzake. Sasa lina droo yenye kufuli, na mezani kuna karatasi ya siku hiyo tu yenye majina ya kwanza na saa, bila namba. Jioni inachanwa vipande. Na yale tunayoandika kwa usalama wa mteja, kwamba piko inamvimbisha, kwamba ana mimba, kwamba nywele zinadondoka kwa dawa anazotumia, hayo ni habari za afya. Yanakaa kwenye ukurasa wake, na hayasomwi kwa sauti saluni nzima ikisikia.

Kila Januari napitia majina. Asiyekuja miezi kumi na miwili namba yake inatoka kwenye simu na kwenye daftari. Akirudi, atanipa tena.

Msusi akiacha kazi, namba anazoondoka nazo ni zake au zangu?

Ni za wateja. Aliyepatana na mteja ni wewe kwa niaba ya saluni, kwa hiyo msusi hana ruhusa ya kuzibeba, nawe huna ruhusa ya kuwaandikia wateja wote kumchafua msusi. Mteja akitaka kumfuata, mpe yeye namba ya msusi ikiwa msusi amekubali, si kinyume chake.

Siku ya mwisho, mkiwa mmekaa pamoja, fungua WhatsApp ya saluni na uingie "Linked devices". Humo ndimo utakapoona kama kuna kompyuta au simu nyingine iliyounganishwa. Saluni moja niliyoisaidia ilikuta kompyuta iliyounganishwa miezi mitano nyuma na mtu aliyekwishaondoka, na muda wote huo alikuwa akiziona jumbe zinazoingia. Gusa jina la kifaa, kitoe. Kisha badilisha namba ya kufungulia simu na nenosiri la ukurasa.

Ukiona wateja wanaanza kupigiwa na saluni nyingine wakitajwa majina na mitindo yao, usilaumu kabla hujaangalia hapo.

Simu inakwenda kwa fundi. Nifanye nini?

Kama inawaka, hamisha picha na uzifute ndani yake kabla haijaondoka. Toa laini, toa kadi ya kumbukumbu. Fundi wa kioo na wa chaji hahitaji namba yako ya siri; akiiomba ajaribu kama kioo kinagusika, fungua wewe, simama hapo. Kama haiwaki, kaa na fundi mpaka amalize au tafuta fundi mwingine. Kuiacha siku tatu ni kuacha daftari lote mezani kwa mtu.

Ikiibiwa, piga mtandao wako wafunge laini, kisha irudishe laini hiyo kwenye simu nyingine na uingie WhatsApp, ya zamani itatoka. Ifunge simu kwa mbali kupitia akaunti yake ya Google. Halafu waambie wateja siku hiyo hiyo: simu imeibiwa, msitume pesa kwa ujumbe wowote. Taarifa ziende pia kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi bila kukawia. Kwa ndugu zetu wa Kenya sheria yao imetaja muda wenyewe: saa 72 kumfikia Kamishna wa Data.

Mimi nina viti viwili tu. Haya mambo ya sheria yananihusu?

Yanakuhusu kwa sababu ya unachokikusanya, si idadi ya viti. Tanzania, sheria inamtaka anayekusanya taarifa binafsi ajisajili kwa Tume, hivyo waulize moja kwa moja utaratibu wa biashara ya ukubwa wako. Kenya, mwenye mauzo yasiyofika shilingi milioni 5 za huko kwa mwaka na wafanyakazi chini ya 10 kwa kawaida halazimiki kujisajili, lakini wajibu wa kuomba ridhaa unabaki pale pale. Septemba 2023 Kamishna wa huko aliitoza faini ya shilingi 1,850,000 sehemu ya starehe ya Nairobi iliyobandika mtandaoni picha ya mteja wake bila ridhaa, na shule moja ikatozwa 4,550,000 kwa picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Ile ya kwanza ilikuwa picha ya mteja ya kutangazia biashara, kama hizi tunazopiga sisi.

Mteja aliyekubali mwaka jana anataka picha ifutwe. Nafuta wapi na wapi?

Usimuulize sababu. Anza na iliyo hadharani: ukurasa, albamu ya WhatsApp Business, picha ya wasifu, bango la mlangoni. Halafu galari. Halafu kapu la takataka, ambalo wengi tunalisahau: Google Photos hubaki na picha iliyofutwa hadi siku 60 kama ilishapanda mtandaoni, na aifoni huikalisha siku 30 kwenye "Recently Deleted". Ingia humo uifute mara ya pili. Halafu waulize wasaidizi, kila mmoja afungue simu yake mbele yako.

Kwenye karatasi yake ya ridhaa piga mstari, andika tarehe na "imefutwa", uitunze karatasi lakini si picha. Mpigie umwambie umefuta wapi na wapi. Na kama iliwahi kuwekwa ukurasani, mwambie pia kwamba waliowahi kuihifadhi huna njia ya kuwafikia, na umuulize kama kuna ukurasa wa mtu mwingine alikoiona, ili umwandikie huyo naye aiondoe.